Aliyekuuzia nyumba Ngamiani amegeuka: maswali kuhusu amri ya kutekeleza mkataba na zuio la mahakama

Maswali haya ndiyo yanayoulizwa zaidi na watu wa Tanga walionunua nyumba au kiwanja kwa maandishi, wakalipa sehemu ya fedha, kisha muuzaji akabadilika. Majibu yanahusu sheria ya Tanzania Bara. Ili tusipotee njiani tutatumia mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna nyumba yenye hati miliki Ngamiani, mbele ina fremu mbili za duka. Bei waliyokubaliana ni shilingi milioni 60. Mnunuzi amelipa milioni 40 siku ya kusaini, na milioni 20 zilizobaki atalipa siku muuzaji atakaposaini hati ya uhamisho, ndani ya siku 60. Siku ya 45 anatokea mtu mwingine na milioni 85. Muuzaji anapiga simu: "Njoo uchukue hela yako, nyumba siuzi tena."

Kwa nini nisichukue tu fedha zangu na fidia juu yake?

Unaweza, na mara nyingi ndiko kesi zinakoishia. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu walipokubaliana. Tupige hesabu ya mfano wetu. Ikiwa thamani halisi ya nyumba siku muuzaji alipogoma ni milioni 85, mnunuzi anarudishiwa milioni 40 zake na kulipwa tofauti ya bei, yaani milioni 25. Jumla milioni 65. Akiongeza milioni 20 ambazo hakuwa amezitoa bado, anazo 85, na kwa 85 anapata nyumba ya thamani ileile.

Kwenye karatasi hesabu hiyo haina kasoro. Matatizo yanaanza ukiitoa kwenye karatasi.

Matatizo gani hayo?

La kwanza ni kwamba nyumba ileile haipo nyingine. Utapata nyumba ya milioni 85 Chumbageni au Mabawa, lakini haitakuwa na fremu mbili zinazotazama barabara hiyo, wala haitakuwa jirani na duka ambalo mnunuzi amelijengea wateja miaka yote. Ndiyo maana mahakama zinazofuata misingi ya haki na usawa zimekuwa zikiichukulia ardhi kuwa kitu kisicho na mbadala: kila kipande kina mahali pake, na mahali hapanunuliki kwingine.

La pili ni ushahidi wa thamani. Mthamini wa mnunuzi ataandika 85. Mthamini wa muuzaji ataandika 65 na kusema yule wa milioni 85 alikuwa mtu mwenye haraka, hawakilishi soko. Ukiamuliwa kwa 65, fidia yako ya tofauti ya bei inashuka kutoka milioni 25 hadi milioni 5, na nyumba ya kununua kwa hela hiyo huioni.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo linalouma kuliko yote, ni kuzipata hizo fedha. Muuzaji anayeuza nyumba aghalabu ana shida ya fedha. Zile milioni 40 huenda zilishalipa deni la benki au ada za watoto. Hukumu ya milioni 65 dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi ya kuweka kwenye faili, ilhali mali pekee aliyokuwa nayo ndiyo nyumba aliyokwisha kumuuzia mwingine.

Mahakama inaposema fidia "haitoshi" inazungumzia mambo ya aina hii. Haimaanishi kuwa kiasi ni kidogo. Inamaanisha kwamba fedha, hata ikihesabiwa kwa uaminifu, haimweki mnunuzi mahali ambapo mkataba ungemweka.

Amri ya kutekeleza mkataba ni nini hasa?

Ni amri ya mahakama inayomwambia muuzaji: ulichoahidi kifanye. Asaini hati ya uhamisho, atoe hati miliki, aombe vibali vinavyotakiwa, apokee milioni 20 zake na akabidhi funguo. Akigoma hata baada ya hukumu, mahakama ina uwezo wa kuelekeza hati isainiwe kwa niaba yake na uhamisho ukaendelea. Hapo ndipo nguvu ya nafuu hii ilipo, kwani haitegemei tena hiari ya aliyegoma.

Asili yake ni Uingereza, ambako mahakama za kawaida zilitoa fidia tu, na Mahakama ya Chansela ikatoa amri za kutenda au kutotenda pale fedha ilipopwaya. Kwetu misingi hiyo iliingia kupitia Sheria ya Mahakama na Matumizi ya Sheria, Sura ya 358, inayotambua kanuni za haki na usawa kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri zinavyofaa mazingira ya hapa. Tarehe hiyo wanafunzi wa sheria huikariri kama aya.

Kwa hiyo nikithibitisha mkataba, ninaipata?

Hapana. Fidia ni haki yako ukishathibitisha uvunjaji na hasara. Amri ya kutekeleza ni hiari ya mahakama, ingawa hiari hiyo hutumiwa kwa kufuata kanuni. Jaji au mwenyekiti wa baraza atakutazama na wewe pia, siyo muuzaji peke yake.

Atauliza kama ulikuwa tayari wakati wote kutimiza upande wako. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Wanakuja na mkataba mzuri na hasira nyingi, lakini milioni 20 zilizobaki hawawezi kuzionyesha. Kusema "ninazo" hakutoshi. Leta taarifa ya benki ya kipindi kile, au barua uliyomwandikia muuzaji kabla siku 60 hazijaisha ukimtaka mkutane kwa wakili umlipe, au uombe kuziweka fedha hizo mahakamani. Barua iliyopokelewa na kusainiwa inashinda ujumbe wa simu, japo ujumbe wa simu nao usiufute.

Atauliza pia kama mikono yako ni safi. Ikiwa mkataba uliosainiwa unataja milioni 30 ili kodi ipungue, na mwingine wa pembeni unataja 60, usishangae mahakama ikikunyima nafuu ya aina hii. Na ataangalia umekaa muda gani. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba, lakini aliyeona nyumba inabomolewa na kujengwa upya na mtu mwingine akanyamaza miaka minne, asitegemee kupewa nyumba hiyo hata kama bado yumo ndani ya muda.

Muuzaji anasema mkewe hakuridhia. Hilo lina uzito?

Zito sana. Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Mahakama haitamlazimisha mume kuhamisha kitu ambacho peke yake hana mamlaka ya kukihamisha. Utabaki na kudai fedha zako na fidia.

Kuna wauzaji wanaomtoa mke dakika ya mwisho kama ngao, mke ambaye siku ya kusaini ndiye aliyeleta chai. Ushahidi wa kwamba alikuwepo na alijua utasaidia, lakini saini yake kwenye mkataba ingemaliza ubishi mapema. Kama nyumba ni ya urithi, swali ni hilohilo kwa sura nyingine: aliyesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, au ni kaka mkubwa tu?

Mkataba wetu tuliandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa. Unatosha?

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, au angalau pawe na kumbukumbu ya maandishi iliyosainiwa na yule unayemdai. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa hauugeuzi kuwa hati ya uhamisho, lakini maandishi yenye majina, maelezo ya nyumba, bei na saini yanaweza kuwa mkataba halali. Makubaliano ya mdomo tu ndiyo yatakayokukwamisha.

Angalia na ushuru wa stempu. Hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi kuwa ushahidi hadi ulipwe pamoja na adhabu yake. Ni jambo dogo, ila nimeona linavyoweza kusimamisha ushahidi wa mtu katikati ya maelezo yake.

Tena uhamisho wa ardhi yenye hati hupitia mamlaka za ardhi. Mahakama haiwezi kumwamuru muuzaji atoe kibali kisicho chake kukitoa. Inachoweza ni kumwamuru asaini fomu na achukue hatua zote zilizo upande wake ili kibali kiombwe.

Kesi itachukua muda. Ataiuza kabla haijaisha. Nifanye nini?

Hapa linaingia zuio la muda. Amri ya kutekeleza huja mwisho wa kesi, na zuio hulinda kitu kinachogombewa kisije kikayeyuka kabla ya siku hiyo. Kanuni zake zimo katika Amri ya 37 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33.

Unafungua shauri lenyewe, na pamoja nalo maombi madogo yanayoungwa mkono na hati ya kiapo. Kama hali ni ya haraka, unaambatanisha hati ya dharura. Kwa kawaida mahakama inataka upande wa pili upewe taarifa kwanza, lakini ikiona kuchelewa kutaharibu shabaha ya maombi inaweza kutoa zuio la upande mmoja kwa siku chache, kisha ikawaita nyote. Zuio la muda hutolewa kwa kipindi kisichozidi miezi 6, na linaweza kuongezwa bila jumla yake kupita mwaka mmoja. Tarehe ya mwisho iandike ukutani. Zuio lililokwisha muda halimfungi mtu, na kuna wauzaji wanaohesabu siku vizuri kuliko mawakili.

Nitapewaje zuio hilo? Mahakama inaangalia nini?

Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe mwaka 1969, mahakama zetu hupima mambo matatu, na yote matatu yawepo.

La kwanza: kuna hoja nzito ya kuamuliwa, na unayo nafasi ya kushinda. Mkataba uliosainiwa na risiti ya milioni 40 vinatosha kuvuka hapo. La tatu ni mizani ya usumbufu: nani ataumia zaidi? Muuzaji akizuiwa, anachelewa kuuza, na nyumba bado ni yake na wapangaji wanamlipa. Asipozuiwa, mnunuzi huenda akakuta shauri lake halina tena cha kugombea.

Nimeliruka la pili kwa makusudi, kwa sababu ndilo linaloangusha maombi mengi. Lazima uonyeshe kwamba bila zuio utapata hasara isiyofidika kwa fedha. Na hati za kiapo zinazoandikwa kwa haraka huishia kwenye sentensi moja: "mwombaji atapata hasara isiyofidika." Basi. Hiyo ni kauli ya sheria, haina ushahidi wowote ndani yake. Wakili wa upande wa pili atasimama na kusema: mwombaji mwenyewe ametaja nyumba kuwa ya milioni 60, na kitu chenye bei kinalipika.

Eleza basi mambo yenyewe. Nyumba ipo wapi na kwa nini pale. Umekwisha kutumia nini kwa kuitegemea, kwa mfano umevunja mkataba wa pango kule ulikokuwa. Muuzaji ana mali gani nyingine, na kama hana, umejuaje. Nani anataka kuinunua, nani amekuja kuipima na lini. Ambatanisha ujumbe wa dalali, kama unao. Hati ya kiapo yenye kurasa nne za mambo yaliyotokea ina nguvu kuliko kurasa kumi za vifungu.

Ujue pia kuwa mahakama inaweza kukutaka uweke dhamana, ili ukishindwa kesi, muuzaji afidiwe kwa hasara aliyopata alipozuiwa.

Zuio lina mipaka gani?

Halizuii kilichokwisha kutokea. Ikiwa nyumba imeshauzwa na kuandikishwa kwa mtu aliyelipa thamani yake bila kujua habari za mkataba wako, kwa kawaida umechelewa, na madai yako yatageuka kuwa ya fedha dhidi ya muuzaji. Lakini mnunuzi wa pili akiwa alijua, kwa mfano ulimtumia barua au aliwakuta vijana wako wanapaka rangi, hali inabadilika, na yeye pia aunganishwe kwenye kesi.

Kwa sababu hiyo, kama nyumba ina hati miliki iliyosajiliwa, usingoje mahakama. Peleka zuio kwa Msajili wa Hati chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, ukieleza maslahi yako na kuambatanisha mkataba. Yeyote atakayefanya upekuzi kwenye daftari ataliona, na hapo hawezi kusema hakujua. Mwenye hati anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba liondolewe, kwa hiyo hili halichukui nafasi ya kesi, linakununulia muda tu. Kiwanja chenye barua ya toleo peke yake hakina kinga hii. Hapo utaandika ofisi ya ardhi ya jiji na kumfahamisha mnunuzi mpya kwa maandishi.

Na mtu akilivunja zuio la mahakama? Anaweza kukamatiwa mali au kuwekwa kifungo cha kiraia. Lakini sharti ithibitike kuwa amri ilimfikia, kwa hiyo hakikisha imepelekwa kwa mkono na kuna kiapo cha aliyeipeleka.

Nianzie wapi, mahakamani au barazani?

Mgogoro wa ardhi wa thamani hii huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo husikiliza mashauri ya kurejesha nyumba au ardhi yasiyozidi shilingi milioni 300. Ila kabla yake unapitia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena mgogoro, linasuluhisha tu, na likishindwa ndani ya siku 30 unaendelea mbele. Siku hizo 30 ndizo muuzaji anazozipenda. Ndiyo sababu nashauri zuio kwa Msajili lipelekwe wiki ileile unapokwenda kata.

Mkataba unasema atakayevunja atarudisha fedha pamoja na asilimia 20. Je, nimejifunga mwenyewe?

Si lazima. Kipengele cha namna hiyo kwa kawaida huwekwa ili kumtia mtu hofu ya kuvunja, hakimuuzii ruhusa ya kuvunja. Muuzaji atasema kinyume: kwamba mlikubaliana kuwa fedha inatosha. Maneno yatasomwa yote pamoja. Kikiandikwa "muuzaji anaweza kujitoa kwa kulipa asilimia 20", umempa mlango. Kikiandikwa "atakayevunja atawajibika", mlango haupo. Ukiamua kudai fedha badala ya nyumba, kumbuka kuwa mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa milioni 40, asilimia 20 ni milioni 8, mbali sana na zile 25.

Nilinunua ili niuze kwa faida. Bado nyumba ni ya kipekee kwangu?

Swali zuri, na gumu. Kama lengo lako lote lilikuwa faida, basi faida inahesabika, na muuzaji atasema fedha inatosha kabisa. Mwaka 1996, Mahakama ya Juu ya Kanada, katika shauri la Semelhago dhidi ya Paramadevan, ilisema si sahihi tena kudhani kila nyumba haina mbadala, na kwamba anayetaka amri hiyo aonyeshe upekee wake. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu. Lakini hoja yake ina akili, na viwanja vilivyopimwa vikafanana mstari mzima huko pembezoni mwa jiji vinaipa nguvu. Mimi ningemshauri mnunuzi wa namna hiyo aandae ushahidi wa upekee kana kwamba hakuna dhana yoyote ya kumsaidia.

Je, kanuni hizi zinahusu bidhaa na kazi pia?

Bidhaa, mara chache. Mwenye shamba la mkonge akishindwa kukupa tani ulizonunua, unanunua kwa shamba jingine la daraja lilelile na kumdai tofauti ya bei. Fidia inatosha. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inairuhusu mahakama kuamuru kitu mahususi kikabidhiwe, na jahazi fulani lililokwisha kuchaguliwa linaweza kuingia humo.

Kazi ya mtu, hapana. Mahakama haitamlazimisha fundi akujengee wala mpishi akupikie, maana haiwezi kumsimamia kila asubuhi. Inachoweza pengine ni kumzuia asiende kwa mwingine, kama aliahidi hivyo. Ndivyo ilivyokuwa Uingereza mwaka 1852 katika kesi ya Lumley dhidi ya Wagner: mwimbaji hakuamriwa kuimba, alizuiwa kuimba kwenye ukumbi wa mshindani.

Na kama aliyegoma ni Serikali?

Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5, haitoi zuio wala amri ya kutekeleza mkataba dhidi ya Serikali. Mahakama hutamka haki za pande husika. Tena unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri.

Kwenye madai yangu niandike nini mwishoni?

Omba amri ya kutekeleza mkataba kwanza, na zuio la kudumu dhidi ya kuuza kwa mwingine. Kisha andika kwamba, endapo mahakama itaona hilo haliwezekani, unaomba kurudishiwa milioni 40 pamoja na riba, na fidia ya tofauti ya bei kwa kiasi unachokitaja. Wapo wanaoogopa kuwa kuomba fedha kunaonyesha kuwa fedha inatosha. Ukiandika kuwa ni ombi mbadala, hofu hiyo haina msingi. Hatari kubwa iko upande wa pili: kutoomba fidia kabisa, kisha nyumba ikapotea katikati ya kesi na ukabaki na dai lisilo na kitu cha kutekelezwa. Na mthamini mwite mapema, karibu na siku muuzaji aliyogoma, kwa kuwa thamani ya siku hiyo ndiyo itakayogombewa, na baada ya miaka miwili hakuna atakayeikumbuka sawasawa.